Hoteli ikisema "bei si hiyo"

Ami, asalamu alaikum. Tunapeleka maji ya chupa kwa boti hoteli za Shela. Kwa miezi mitatu ankara 24 zimekataliwa, na 14 nimeziandika "bei". Lakini bei hatujaigusa. Mbona hivi?

Waalaikum salamu, mwanangu. Hapo umeandika neno la mteja, chanzo hukukiandika. Mhasibu wa hoteli hutazama jumla. Ikizidi alivyotarajia, kwake hiyo ni "bei". Daftari lako liwe na safu mbili: alichosema mteja, na ulichokikuta. Ya pili usiijaze mpaka uweke mezani oda, delivari noti iliyotiwa sahihi, na ankara.

Nimezipitia zile 14 ulizoniletea. Tisa bei yake ni sawasawa, ila idadi haipatani. Chukua ile ya katoni 60: oda ni 60, ankara 60, lakini kwenye delivari noti 60 imekatwa kwa kalamu ikaandikwa 48. Kwa shilingi 500 katoni moja, mmemdai mtu 6,000 za maji asiyoyapokea.

Tazama tarehe sasa. Karibu zote tisa ni siku za bamvua, maji yakikupwa sana nahodha hupunguza shehena. Ankara yenu huchapwa asubuhi kwa kufuata oda, boti halijapakiwa bado, na kilichosahihishwa gatini hakirudi ofisini. Karani msimlaumu bure. Ankara ichapwe delivari noti ikisharudi, hata kama ni kesho yake.

Na tano zilizobaki?

Gawanya jumla ya ankara kwa kiasi anachokubali mteja. Nne zinatoa 1.16 kamili, kama ile ya 34,800 ambayo hoteli inakubali 30,000. Orodha ya bei mliyowapa ilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, nanyi ofisini mkaongeza asilimia 16 juu yake tena. Ya tano kweli ni bei ya zamani. Moja tu!

Na hiyo safu ya pili, niwe na mafungu mangapi ya sababu?

Sita au saba. "Mengineyo" likijaa kupita moja katika kumi, lifungue uone kuna nini ndani.

Kuna mteja hulalamika kila siku ya kulipa ikifika. Naye nimwandike?

Mwandike, katika fungu la "hatukukosa", lakini baada ya kulinganisha zile karatasi tatu, si kwa hasira. Ukimwacha nje hutajua ni tabia yake au ni bahati mbaya. Ukimchanganya na wengine, utarekebisha kisicho kibovu.

Ankara yenye kosa naweza kuifuta nikatoa nyingine?

Ikishapita eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA, haifutwi. Toa krediti noti inayotaja namba ya ankara ile ya kwanza, na sababu uiandike kwa jina la fungu lilelile la daftarini. Siku ukikosa nafasi ya kujaza daftari, utahesabu krediti noti.