Kapasita za kVAr ngapi kwa mota za mashine za kusaga?

"Mota zangu zinavuta kW 60, pawa fakta 0.72, umeme wa fezi tatu volti 400. Nifunge kapasita za kVAr ngapi nifike 0.95?"

Habari ndugu. Kwanza hakikisha hizo kW 60 umezisoma kwenye mita wakati mashine zinasaga. Ukijumlisha vibao vya mota utapotea, kwa sababu kibao huonyesha nguvu inayotoka kwenye shafti, tena mota nyingi hazibebi mzigo kamili.

Kama ni za mita, hesabu ni hii, ambapo kosaini ya φ ndiyo pawa fakta:

```
Q = P × (tan φ1 − tan φ2)
Q = 60 × (0.964 − 0.329) = 38 kVAr
```

Sasa usikimbilie kununua ya 40. Soma volti zilizoandikwa kwenye kapasita. Nyingi ni za volti 440, na ninazipendelea kwa kuwa hustahimili umeme ukipanda. Lakini kVAr hufuata mraba wa volti: kwenye 400 utapata asilimia 83 tu. Ya 40 itakupa 33, utabaki karibu na 0.92. Chukua 50, itatoa 41 na kukufikisha 0.96.

Zigawe hatua kadhaa, kila moja na kontakta yake ya kapasita, zikiongozwa na kidhibiti cha pawa fakta. Zikibaki zote kwenye laini mota zikiwa zimezimwa, pawa fakta itageukia upande wa pili na volti zitapanda. Na baada ya kuzima, subiri kapasita zimwage chaji, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa.