Sijala, sijala bado, au sikula?

"Nikiulizwa kama nimekula, na sijatia kitu mdomoni, niseme 'sikula' au 'sijala bado'?"

Sema "sijala", kwa sababu kiambishi "-ja-" peke yake kinabeba maana ya kwamba tendo halijatokea lakini linatarajiwa, ilhali "sikula" hufunga mlango, kana kwamba wakati wa kula umekwisha kupita. Anayesema kwamba "bado" ni ya lazima amepatia nusu: neno hilo hukazia tu, ingawa katika mazungumzo hutosha hata peke yake, kwani anayeulizwa "umeshakula?" hujibu "bado" na kueleweka.

Ila "bado" ikiandamana na kitenzi, angalia kitenzi chenyewe, maana "bado ninakula" ni habari ya aliye katikati ya mlo.

Kwa upande wa lililotimia, "nimeshakula" imetokana na "nimekwisha kula", nayo katika usemi wa haraka hufupika kuwa "nshakula". "Nimekula tayari" husikika pia, lakini mimi naiona nzito masikioni. Kuhusu "sijakula", wengi huitamka hivyo, na wanaoikataa hawajafaulu kuizuia.