Weupe juu ya nyama kavu: ni chumvi au ukungu?

Nyama ya mfunguo tatu niliitia chumvi nikaianika, kisha nikaiweka kwenye friji wazi. Sasa imetoka unga mweupe, mume wangu anasema ni ukungu nitupe. (Chake Chake)

Usiitupe kwanza dada yangu. Nyama yenye chumvi ndani yake kuna maji ya chumvi, na friji linakausha hewa, kwahiyo yale maji yanasogea juu yanakauka, chumvi haina pa kwenda inabaki pale pale juu ya nyama. Ndo maana weupe wa chumvi unaanza kwenye ncha na kingo nyembamba zinazokauka upesi, wakati ukungu unapenda penye unyevu, kwenye mikunjo na pale vipande viwili vilipolaliana.

Sasa fanya hivi. Kwangua ule unga kwa ncha ya kisu juu ya sahani nyeusi, mulika kwa tochi ya simu ukiishika kwa ubavuni, sio kwa juu. Chumvi inametameta kama sukari na ukiisaga kwa vidole inakwaruza, ukungu umefifia tu kama pamba iliyochambuka. Halafu tia matone mawili ya maji ya vuguvugu ukoroge. Chumvi inayeyuka yote maji yanabaki masafi, ukungu hauyeyuki, utaona vinyuzi au tope tope linaelea. Usionje mpaka umeshajua ni nini, na usiikaribishe puani ukavuta kwa nguvu, khasa kama una pumu.

Nikifuta kwa kitambaa cha maji inaondoka, lakini kesho imerudi tena. Si ndo ukungu huo unaota upya? (Mwanakwerekwe)

Hapa ndo wengi wanapotea. Ukifuta kwa maji unalainisha ngozi ya nyama, chumvi ya ndani inapata njia, ikikauka unga unatoka tena, pengine usiku mmoja tu na umeenea kote. Ukungu uliofutwa hauna haraka hiyo, unachukua siku kadhaa na unarudi kwa madoa madoa ya mviringo. Angalia pia wakati nyama bado imetota, maana ukungu ukirowa unaweza kuonekana kama haupo, ukikauka ndo huo.

Na sisi huku tuna kipimo cha bure, hewa yenyewe. Si unajua chumvi ya mezani inavyotota kikoponi siku za masika? Chumvi inaanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na masika yetu yanapita hapo sana. Toa kipande kimoja friji, kiweke kwenye sahani karibu na dirisha siku ya mvua, kifunike kwa kawa inzi wasikae, baada ya saa mbili hivi kiangalie. Kama ni chumvi weupe umepotea na nyama inatoa jasho la chumvi. Kama ni ukungu upo pale pale, na hewa hiyo ndo inayoufurahisha, kwahiyo kipande hicho usikirudishe na wenziwe.

Kaka kaniletea soseji kavu ya ng'ombe kutoka safari, imepakaa weupe mwili mzima. Kwenye paketi hakuna onyo lolote. (Wete)

Soma tena paketi, safari hii tafuta maelezo ya jinsi ilivyotengenezwa. Kuna soseji kavu, salami khasa, zinapandwa ukungu mweupe makusudi kiwandani, wa jamii ya penisilia, unaizuia isikauke kwa nje tu na unawabana ukungu wabaya wasipate nafasi. Huo ni mweupe, mkavu, umeenea sawasawa na unanukia kama uyoga, menya ngozi ule. Kama paketi haisemi kitu rudi kwenye sahani nyeusi na maji ya vuguvugu.

Kipande kimoja kina kijani kidogo pembeni. Nikate tu hapo? (Makunduchi)

Nyama ya kuanika nyumbani ni vipande vyembamba, hakuna nafasi ya kukata ukabaki na kitu, tupa hicho kipande chote, na vilivyogusana nacho vitazame kimoja kimoja. Kijani, nyeusi, waridi au rangi ya chungwa haiwi chumvi hata siku moja.

Na hata kama umeshahakikisha weupe ni chumvi, hiyo haikwambii lolote kuhusu ndani. Kata kipande kinene kuliko vyote katikati. Kikiwa kinanata, laini kama nyama mbichi, au kinatoa harufu ya kuoza, kilikuwa hakijakauka vizuri toka mwanzo, hicho usikile.