Osileta ya Wien iliyonigomea mbele ya darasa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeunganisha osileta ya daraja la Wien, gaini 3 kamili, lakini skopu inaonyesha mstari tu." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mstari huohuo uliniaibisha mwaka wangu wa mwisho chuoni, mwalimu akasema mbele ya wote kwamba sijui hesabu. Hesabu nilikuwa nazijua.

Rezista mbili za masafa zilikuwa za kiloomu 10, kapasita mbili za nanofaradi 10. Kwa f = 1/(2πRC) unapata hezi 1,592. Katika masafa hayo RC hizo hurudisha theluthi moja ya wimbi kwenye ingizo chanya, bila kulichelewesha. Kwa hiyo opampu inapaswa kulikuza mara 3. Gaini yake ni 1 + Rf/Rg, nami niliweka Rf ya kiloomu 20 na Rg ya 10. Tatu kamili. Kimya.

Usiku ule nikaazima mita ya kapasita. Zote mbili zimeandikwa 103, lakini ile ya mfululizo ilisoma nanofaradi 9.1, na ya sambamba 10.8. Kumbe ile theluthi hupatikana pale tu zinapolingana! Rezista zikiwa sawa, gaini inayotakiwa ni 2 + C2/C1, C1 ikiwa ya mfululizo. Yangu ilitaka 2 + 10.8/9.1, yaani 3.19, mimi nina 3. Kila mzunguko wimbi linapungua, mwisho linakufa. Ukikokotoa masafa hushtuki, maana kipeuo cha pili cha C1 × C2 kinatoa hezi 1,605, karibu palepale.

Nikazibadilisha nafasi tu. Sasa inatakiwa 2.84, ninayo 3. Ikapiga! (Niliruka, mwenzangu wa chumba akaamka.) Lakini vichwa vya wimbi vilikuwa bapa, kwa sababu gaini ikizidi, wimbi hukua mpaka ligonge volti za betri.

Ndiyo maana nawaambia, vijana, acheni kuitafuta 3 kamili kwa rezista. Chini kidogo inakufa, juu kidogo inakatwa vichwa. Gawanya Rf: kiloomu 15 ikifuatana na 10, na sambamba na hiyo 10 weka dayodi mbili za 1N4148 zinazotazamana kinyume. Wimbi likiwa dogo dayodi zimelala, gaini ni 3.5, osileta inaanza. Likikua, zinapitisha mkondo na gaini inashuka kuelekea 2.5, hivyo inatulia katikati, penye kiwango ambacho kapasita zako zinataka. Wimbi halitakuwa safi kabisa, dayodi hulipinda kidogo, ila halikatwi.

Pima kapasita kwanza, ndugu yangu, ndipo ulaumu opampu. Mimi nilipoirudisha saketi maabara ikipiga vizuri, matokeo yalikuwa yameshabandikwa ukutani.