Maswali yenu wiki hii: Cheti cha BRELA hakitenganishi droo na mfuko

Nataka kuanza kuuza ubuyu na achari. Nisajili kampuni au jina la biashara? (Chumbageni)

Jina la biashara. Vyote viwili husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ila kampuni ina wakurugenzi, hesabu za kila mwaka na gharama ambazo mtungi wa achari hauwezi kuzibeba kwa sasa. Ila ujue unachokichukua: jina la biashara halizai mtu mwingine mbele ya sheria. Wewe na biashara ni mtu mmoja. Achari ikidaiwa, unadaiwa wewe, mpaka mali zako binafsi. Usije ukaambiwa na mtu kwamba ukishapata cheti madeni ya biashara hayakuhusu.

TIN ya biashara inauzwa shilingi ngapi? Jirani katozwa elfu thelathini. (Mabawa)

TIN haiuzwi. Mamlaka ya Mapato inaitoa bure, na nimeshaandika hivyo mara nyingi mno. Jirani yako amemlipa mtu.

Na mtu huyo huenda hakumwambia jambo lililo zito zaidi: TIN ya biashara inamfungulia jalada la kodi. Usiichukue miezi kabla ya kuanza kuuza, na ukiacha biashara nenda ukatoe taarifa, la sivyo jalada linabaki wazi na unahesabiwa kuwa bado unafanya biashara.

Mimi ni fundi cherehani, watu wananijua kwa jina langu. Nikitumia jina langu tu lazima nilisajili? (Ngamiani)

Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, haimlazimishi anayefanya biashara kwa jina lake halisi la ukoo, likiwa peke yake au pamoja na jina lake la kwanza au herufi zake za mwanzo. Ukiongeza neno lolote, "Ushonaji" au "na Wanawe", hapo unasajili. Leseni ya halmashauri na TIN unavihitaji kwa vyovyote vile.

Lakini mimi ningekushauri usajili. Ukienda benki kutaka akaunti ya biashara bila cheti, watakufungulia akaunti ya kawaida kwa jina lako, na fedha ya kitambaa cha mteja italala kitanda kimoja na ada ya mtoto wako. Nitalirudia hili hapa chini, maana zaidi ya nusu ya barua zenu zinaishia hapo hapo.

Nimechagua jina "Tanga Fresh Samaki". Naona linavutia. Unalionaje? (Sahare)

Silioni vizuri. Tanga Fresh ni jina la kiwanda cha maziwa kinachojulikana nchi nzima, na kipo mji huu huu. Msajili ana mamlaka ya kukataa jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa, na kufanana si lazima iwe herufi kwa herufi. Na hata likipenya, cheti cha jina la biashara si alama ya biashara. Alama inasajiliwa peke yake, chini ya sheria nyingine ya mwaka 1986, na mwenye alama anaweza kukufuata hata kama cheti chako umekitundika ukutani.

Kabla hujachapisha bango, ingia ors.brela.go.tz utafute jina lako. Litafute pia kwa tahajia nyingine. Kisha andaa majina matatu, si moja. Na usilifunge jina kwenye bidhaa moja: nimeona duka lenye jina la "Samaki" likiuza vifaa vya simu baada ya mwaka, na kila anayelipa kwa simu anasita akiona jina hilo kwenye kioo, akidhani kakosea namba.

Kijana wa steshenari alinisajilia jina. Sasa nataka kubadili anuani, naambiwa niingie kwenye akaunti yangu. Akaunti ipi? (Pongwe)

Ipo, ila imefunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Barua hii nimeipata mara ya nne mwaka huu na inaniuma kila mara, kwa sababu kijana huyo hakukuibia kitu. Alifanya haraka tu, nawe ukakubali.

Mfumo unakutaka uwe na namba ya NIDA. Unajisajili, unajaza fomu ya jina, anuani na aina ya shughuli, unaipakua fomu, unaisaini, unaipandisha tena, kisha unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu. Ada ni Sh 15,000 ya usajili na Sh 5,000 ya utunzaji, na hiyo ya pili inarudi kila mwaka. Kumlipa kijana akuandikie si kosa. Kosa ni kutoka pale bila barua pepe iliyo yako, namba ya simu iliyo yako, na neno la siri uliloliandika mwenyewe. Sasa mtafute kijana huyo, akaunti ihamie kwenye barua pepe yako na namba yako mkiwa mmekaa pamoja. Asipopatikana, wasiliana na BRELA ukiwa na kitambulisho cha NIDA na cheti. Usisajili jina jipya kwa hasira.

Na ukipakua cheti, pakua pia ile karatasi inayofuatana nacho, yenye jina la mmiliki, anuani na shughuli. Benki nyingi huitaka, na watu hurudishwa mlangoni kwa kuikosa.

Nauza sambusa, maandazi na chapati. Wateja hawakosekani, lakini mtaji unapungua kila mwezi. Nimesajili jina, nina leseni. Watu wananiambia ni chuma ulete. (Makorora)

Dada yangu, nilikuomba daftari lako na nimekaa nalo jioni mbili. Ngoja tuweke hesabu mezani.

Unauza wastani wa Sh 30,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: Sh 780,000. Unga, mafuta, nyama na mkaa vinakula Sh 20,500 kwa siku, yaani Sh 533,000. Inabaki Sh 247,000. Toa kodi ya kibanda Sh 30,000, binti anayekusaidia Sh 60,000 na bodaboda Sh 20,000. Faida yako halisi ni Sh 137,000. Biashara nzima, haina ugonjwa.

Sasa upande wa pili, ambao daftari lako halina na ilibidi nikuulize kwa simu. Kila jioni unatoa Sh 4,000 kwenye droo kwa kitoweo: hiyo ni Sh 104,000. Hisa za kikoba Sh 40,000. Mchango wa harusi Sh 30,000. Jumla Sh 174,000. Umekula Sh 37,000 zaidi ya ulichovuna, na hizo hazikutoka hewani. Zimetoka kwenye Sh 250,000 ulizoanzia.

Kuna kitu kinachofanya uamini chuma ulete, nacho nataka ukione vizuri. Miezi minne ya namna hiyo inaondoa Sh 148,000. Unabaki na Sh 102,000. Kwa fedha hiyo huwezi tena kununua unga kwa mfuko na mafuta kwa dumu. Unanunua kwa kilo na kwa kipimo, dukani, kwa bei ya juu. Zile Sh 20,500 zinakuwa 22,000 bila wewe kuongeza hata sambusa moja, na faida ya siku inashuka ilhali wateja ni wale wale. Ndiyo maana kuanguka kunaenda taratibu mwanzoni, halafu ghafla. Hakuna aliyekuchota.

Fanya hivi. Jilipe mshahara: Sh 50,000 tarehe 1 na Sh 50,000 tarehe 15. Kitoweo, kikoba na harusi vyote vitoke humo, na kitoweo lazima kipungue, maana zile Sh 104,000 peke yake zinazidi mshahara. Harusi isipoenea, waambie wenye shughuli kwamba mwezi huu huna, kwa sababu kweli huna. Siku nyingine droo haiguswi. Sambusa wanazokula watoto ziandike kwa gharama ya kuzitengeneza na uzikate kwenye mshahara.

Halafu kila mwisho wa mwezi pima mtaji. Hesabu unga, mafuta na mkaa uliopo kwa bei uliyonunulia, ongeza taslimu ya droo, salio la simu ya biashara na fedha unazozidai ofisi zinazokulipa mwisho wa mwezi, kisha toa unachodaiwa. Mauzo ya siku yanaweza kukudanganya. Namba hii ikishuka miezi miwili mfululizo, ama umetoa zaidi ya mshahara, ama bei ya kununulia imepanda nawe hujapandisha yako. Angalia kwanza ukurasa wa mshahara.

Daftari hilo lina kazi nyingine ambayo hukuniuliza. Kwa mwaka unauza Sh 9,360,000. Kwa viwango vya makadirio vya Sheria ya Fedha ya 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu analipa Sh 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa Sh 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwako ni Sh 160,800. Tofauti ni Sh 89,200, zaidi ya theluthi moja ya mtaji wako ulioanzia, inayolipiwa na daftari la shule. Kabla hujaenda kukadiriwa, uliza viwango vya mwaka huo. Kisha tenga Sh 13,400 kila mwezi, nje ya mshahara, ili awamu ya kodi isikukute ukikopa kikoba. Kwenye ile faida ya Sh 137,000, baada ya mshahara na kodi, zinabaki Sh 23,600 za kurudisha mtaji.

Nikinunua laini nyingine ya simu, si nimeshatenganisha? (Barabara ya 12)

Nusu. Laini ya pili inakuwa yako pia, na mjomba akipiga kuomba elfu kumi utaitoa popote ilipo. Chukua Lipa Namba ya wafanyabiashara kwa jina lililosajiliwa: mteja anaona jina la biashara akilipa, nawe unapata orodha ya malipo isiyochanganyika na vocha na michango. Ukihamisha kwenda laini yako, hamisha mshahara tu, kwa tarehe zile zile, ili miamala yenyewe ikutolee ushahidi.

Mume wangu ana akaunti benki, haina kazi. Nipitishie mauzo humo? (Mikanjuni)

Hapana, hata kama mnapendana. Fedha iliyo kwenye akaunti yake ni yake mbele ya benki na mbele ya mdai wake. Akifariki, utakuwa unathibitisha mbele ya warithi kwamba mauzo ya miaka mitatu yalikuwa ya kwako. Beba cheti, ile karatasi yake, TIN, leseni na kitambulisho, ukafungue yako wiki hii.