Bei ya mawese inayofuata soko: vitu vya kuandika kabla ya kusaini

Kiwanda cha sabuni kinachonunua stearini, ile sehemu ngumu ya mafuta ya mawese, kwa mwagizaji wa Dar es Salaam hakiwezi kukaa na bei moja mwaka mzima. Machi 2022 mawese ghafi yalivuka ringiti 7,000 kwa tani katika soko la Bursa Malaysia, na kufikia mwisho wa Septemba mwaka huohuo yalikuwa chini ya 4,000. Ukifunga bei ikiwa juu, unaumia wewe. Ukiifunga ikiwa chini, muuzaji ataanza kuchelewesha magari. Kwa hiyo mikataba ninayosimamia huifanya bei ifuate soko, na ugomvi wote niliouona ndani yake ulianzia kwenye maneno mawili matatu ambayo hayakufafanuliwa.

La kwanza ni bei rejea yenyewe. Kuandika "bei ya Malaysia" hakutoshi, kwa sababu siku moja hiyohiyo soko lina bei za miezi mingi ya kupokea mzigo, na mwezi wa karibu unaweza kuwa ghali kuliko wa mbali kwa kiasi kikubwa. Mimi huandika hivi: bei ya kufungia siku ya FCPO, yaani mkataba wa mawese ghafi ya kupokelewa baadaye kwenye Bursa Malaysia, kwa mwezi wa kupokea ulio wa tatu kuhesabia ule wa karibu zaidi, wastani wa siku zote za biashara za mwezi uliotajwa. Wastani unawalinda wote wawili dhidi ya siku moja ya kelele. Kisha ringiti zigeuzwe dola kwa kiwango cha Benki Kuu ya Malaysia, na dola zigeuzwe shilingi kwa kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania, kwa wastani wa mwezi uleule. Usipotaja chanzo cha kiwango, kila ankara italeta kiwango cha benki ya muuzaji, na hicho hakijawahi kuwa upande wako.

La pili ni sehemu gani ya bei inayotembea. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Tuseme mwezi wa msingi wastani ulikuwa ringiti 4,000, dola moja ni ringiti 4.20, na shilingi ni 2,520 kwa dola. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa kilo. Mmekubaliana bei ya kilo kiwandani ni 3,200, kwa hiyo 800 iliyobaki ni meli, bandari, gari, faida ya muuzaji, na tofauti kati ya stearini na mawese ghafi. Soko likipanda hadi 4,400, viwango vya fedha vikiwa vilevile, sehemu ya soko inakuwa 2,640 na bei yako 3,440. Muuzaji aliyezoea njia ya mkato atakuambia soko limepanda asilimia 10, kwa hiyo bei ni 3,520. Hizo shilingi 80 kwa tani 50 ni milioni nne, na bandari haikupandisha chochote. Hiyo 800 nairuhusu ijadiliwe mara mbili kwa mwaka, kwa nyaraka, kwa kuwa tofauti ya stearini nayo hubadilika.

Tarehe za mapitio zinataka uangalifu kuliko hesabu. Mzigo unaoshuka Mei, mwagizaji aliununua mapema zaidi, tuseme Machi. Basi bei ya Mei ifuate wastani wa Machi, ya Juni ifuate wa Aprili, na pengo hilo lisibadilike hata soko likigeuka. Nimewahi kukaa na muuzaji aliyetaka wastani wa mwezi uliopita soko likipanda, na wa miezi miwili nyuma likishuka. Kifungu kilichoandikwa vizuri kilimaliza mazungumzo hayo.

Halafu kuna oda iliyotolewa mwishoni mwa mwezi. Bei yake ni ya siku ya oda au ya siku mzigo unapofika? Msiposema, bei mpya ikiwa juu gari litaharibika njiani hadi tarehe moja, na ikiwa chini stoo yako itajaa ghafla. Mimi hutumia tarehe ya tiketi ya mizani ya kiwandani, lakini tani za mwezi zimegawanywa kwa wiki, na gari lililochelewa kwa kosa la muuzaji hulipwa kwa bei ya wiki lilipotakiwa kufika, au bei mpya ikiwa ndogo zaidi.

Kabla ya kusaini, chukua ankara zako za miezi 12 iliyopita, weka bei za soko za miezi hiyo kwenye kanuni mliyokubaliana, uone ingekupa bei gani. Ikitoka juu ya ulicholipa karibu kila mwezi, bei ya msingi imewekwa juu, na muuzaji atakula hiyo tofauti mkataba mzima bila kuhitaji soko lipande. Rudini kwenye ile 800.