Kununua hisa iliyogonga kikomo: kupima mkakati bila kujipa hisa usizoweza kuzipata

Swali: Napima kwa data za nyuma mkakati wa kununua hisa zinazopanda kwa kasi, nikitumia bei za kila siku za Soko la Hisa Dar es Salaam na la Nairobi. Sehemu kubwa ya faida inatokea siku ambazo bei imegonga kikomo cha kupanda. Je, nizifute siku hizo? Na siku ambazo hisa imesimamishwa, nizijaze kwa bei gani? (Msomaji, Sinza, Dar es Salaam)

Jibu: Usizifute, ndugu yangu. Ukizifuta utakuwa umeondoa ndani ya jaribio lako siku zile zile ambazo mkakati wa aina hii hukutana na soko lenyewe. Kinachotakiwa ni kuitenganisha bei inayoonekana kwenye data na uwezekano wa kununua kwa bei hiyo, kwa sababu siku ya kikomo vitu hivi viwili huachana.

Soko linapoweka kikomo cha asilimia 10 kwa siku, kama lilivyo la Nairobi, oda ya kununua kwa bei iliyo juu ya kikomo haipokelewi kabisa. Habari njema ikitoka, na wanunuzi wakaona kwamba hisa inastahili kupanda kwa asilimia 30, wote hupanga foleni kwenye kikomo, na mwenye hisa hana sababu ya kuuza leo kwa bei ambayo kesho itakuwa imepitwa. Hisa chache hubadilishana mikono, nazo huenda kwa waliotangulia kwenye foleni. Data yako huandika kwamba hisa ilifanya biashara kwa bei hiyo, jambo ambalo ni kweli, lakini haiandiki watu wangapi walirudi mikono mitupu. Hapo pia ndipo inapotoka sehemu ya ile kasi unayoipima: mruko mmoja wa asilimia 30 umekatwa vipande vya siku tatu, na programu yako inaiona siku ya kwanza kama dalili inayotabiri siku ya pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa ina bei ya rejea, yaani ile ambayo soko hupimia kikomo cha siku, ya shilingi 400, kikomo ni asilimia 10, na bei husogea kwa hatua ya shilingi 5. Siku ya kwanza inafungia kwenye kikomo cha 440, zikiwa zimeuzwa hisa 1,200 tu. Siku ya pili kikomo cha kihesabu ni 484, lakini bei hiyo haipo kwenye hatua za soko, kwa hiyo kikomo halisi ni 480, na zinauzwa hisa 800. Siku ya tatu kikomo ni 525 na zinauzwa hisa 2,000. Siku ya nne foleni inavunjika, zinauzwa hisa 90,000 kwa wastani wa shilingi 520, na wiki moja baadaye bei imetulia kwenye 490. Wewe ulitaka hisa 5,000.

Jaribio la kawaida hununua zote 5,000 kwa 440 siku ya kwanza na kuandika faida ya asilimia 11.4 kabla ya kamisheni, ingawa soko zima siku hiyo liliuza hisa 1,200. Sasa tuweke sharti kwamba siku iliyofungwa kwenye kikomo hupati kitu, na siku iliyo huru hupati zaidi ya asilimia 10 ya hisa zilizouzwa. Utanunua zote siku ya nne kwa 520, na matokeo yako ni hasara ya asilimia 5.8. Unaweza kusema kwamba sharti hilo ni kali mno, kwa kuwa huenda ungepata chache kutoka kwenye foleni. Haya, tukupe asilimia 10 ya kila siku: utapata hisa 120, kisha 80, kisha 200, na zilizobaki 4,600 utazinunua siku ya nne. Wastani wa gharama yako unakuwa takriban shilingi 517.6, na hasara ni asilimia 5.3. Ukarimu huo haukubadilisha kitu cha maana, kwa sababu hisa nyingi hupatikana pale tu ambapo wenyewe wako tayari kuziachia.

Hesabu ya mipaka yenyewe ni fupi. Tumia namba kamili badala ya desimali ili kosa dogo la kompyuta lisikusogezee kikomo kwa hatua nzima. Mpaka wa juu huzungushwa kwenda chini, na wa chini huzungushwa kwenda juu.

```python
def mipaka(rejea, asilimia, hatua):
    juu = rejea * (100 + asilimia) // (100 * hatua) * hatua
    chini = -(-rejea * (100 - asilimia) // (100 * hatua)) * hatua
    return chini, juu

def hisa_za_kununua(oda, s, sehemu=10):
    if s["hali"] != "wazi" or s["wingi"] == 0:
        return 0
    if s["bei_ndogo"] >= s["mpaka_juu"]:   # imefungwa siku nzima
        return 0
    return min(oda, s["wingi"] * sehemu // 100)
```

Ugumu uko kwenye neno `rejea`. Mara nyingi nimeona watu wakichukua bei ya mwisho iliyouzwa, au mbaya zaidi, bei iliyokwisha kurekebishwa kwa gawio na mgawanyo wa hisa. Mipaka ikokotolewe kwa bei ghafi, jinsi soko lilivyoiona siku ile, na bei zilizorekebishwa zibaki kwa ajili ya kupima faida peke yake. Asilimia na hatua ya bei nazo ziwekwe kwenye jedwali lenye tarehe za kuanza na kuisha kwa kila soko, kwa sababu kanuni hubadilishwa, na namba moja iliyoandikwa ndani ya msimbo itatawala miaka ambayo haikuhusu.

Kuna jambo jingine kuhusu Nairobi. Bei ya kufunga huko ni wastani wa bei za siku nzima uliopimwa kwa wingi wa hisa. Hisa iliyoanza asubuhi karibu na bei ya jana, kisha mchana ikapanda hadi kwenye kikomo na kukwama hapo, inaweza kuonyesha kwenye bei ya kufunga ongezeko la asilimia 6 tu. Kwa hiyo ukitafuta siku za kikomo kwa kuangalia kama bei ya kufunga imepanda kwa asilimia 10, utazikosa nyingi. Angalia bei kubwa ya siku: kama imefika kwenye mpaka wa juu, siku hiyo iwekewe alama, na bei ndogo ndiyo itakayokuambia kama ilifungwa siku nzima au sehemu yake. Iliyofungwa sehemu ya siku ni ngumu zaidi, maana data ya kila siku haisemi biashara ipi ilitangulia. Mimi huruhusu ununuzi kwa siku kama hiyo, lakini kwa bei ya kikomo na si kwa wastani, na kwa nusu ya sehemu niliyojiwekea.

Kwa soko letu la Dar es Salaam kuna tatizo la aina yake. Hisa nyingi hupita siku bila mnunuzi wala muuzaji kukutana, na siku nyingine hufanyika biashara moja tu, hivyo bei kubwa na ndogo zinalingana. Ikitokea biashara hiyo moja imeangukia kwenye kikomo, je, hisa imefungwa au ni mtu mmoja tu aliyenunua hisa 50 kwa bei ya juu? Bei peke yake haijibu. Jibu limo kwenye taarifa ya soko ya kila siku, ambayo huonyesha maombi ya kununua na ya kuuza yaliyobaki bila kukutanishwa. Maombi ya kununua yakiwa makubwa na ya kuuza yakiwa sifuri, foleni ipo. Yote mawili yakiwa madogo, ni siku nyembamba ya kawaida. Ni kazi ya kuchosha kuzikusanya taarifa hizo, lakini bila safu hizo mbili unabaki kubahatisha. Wakati huo huo, ondoa kwenye wingi wa hisa biashara kubwa zilizopangwa kabla kati ya pande mbili. Hisa 90,000 za mfano wetu zingekuwa za aina hiyo, asilimia 10 yake isingekuwa haki yako hata kidogo.

Upande wa kuuza, geuza masharti yote, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Tuseme umenunua kwa 500 na umejiwekea kwamba ukifika 460 unauza. Bei inafungwa kwenye kikomo cha chini siku tatu mfululizo: 450, 405, 365. Oda yako haikupata mnunuzi hata siku moja, na utatoka siku ya nne kwa bei itakayokuwapo. Jaribio linaloandika 460 limekupunguzia hasara ambayo ungebeba kweli.

Kuhusu kusimamishwa, jaza hali, usijaze bei. Siku isiyo na biashara na siku ya kusimamishwa zote zina wingi wa sifuri, lakini ya kwanza inapokea oda na ya pili haipokei, kwa hiyo tofauti yake lazima itoke kwenye matangazo ya soko. Mfano wa wazi ni Kenya Airways, ambayo imeorodheshwa pia hapa Dar es Salaam. Nairobi iliisimamisha Julai 2020, kupisha mpango wa Serikali ya Kenya wa kulitaifisha shirika hilo, na biashara ilirejea Januari 2025. Ukiirudia bei yake ya mwisho, shilingi 3.83 za Kenya, kwa miaka hiyo yote, hisa hiyo itaonekana kuwa tulivu kuliko amana ya benki, na kipimo chochote cha faida kwa hatari kitaipendelea. Ukiifuta, umejipa ujuzi wa kujua mapema kipi kitasimamishwa. Njia iliyo sahihi ni kuiacha kwenye mfuko kama mtaji uliofungwa: oda zote zinakataliwa, fedha zake hazipatikani kwa ununuzi mwingine, na siku hizo haziingii kwenye hesabu ya mtikisiko wa bei. Siku ya kufunguliwa, soma tangazo kama kikomo cha kawaida kinatumika. Kikitumika, habari za miaka minne na nusu zinapaswa kupita kwenye mlango usiozidi takriban 4.21 siku ya kwanza, na unarudi kwenye foleni ile ile ya mwanzo.

Ukishaweka haya, endesha jaribio mara tatu: bila masharti, kwa kupata asilimia 10 hata siku za kikomo, na kwa kutopata kitu siku hizo. Kisha panga faida ya kila ununuzi kulingana na hali ya hisa siku ya kuingia. Mkakati wako ukibaki na faida kwenye ununuzi wa siku zilizo huru peke yake, endelea kuuchunguza. Faida ikitoweka kati ya jaribio la kwanza na la tatu, basi ilitoka kwenye hisa ambazo dalali wako asingekupatia.